Video ya kuwakaribisha Kidato cha Kwanza: mkuu wa shule aseme nini?

Shule yetu ni ya bweni. Video iwe ya muda gani, na niseme nini hasa?

Dakika moja na nusu inatosha. Ukisoma Kiswahili kwa utulivu, dakika moja hubeba maneno 100 hivi, kwa hiyo andika yasiyozidi 150. Kumbuka mtoto ataitazama nyumbani, kwenye simu ya mzazi, siku chache kabla ya safari ya Januari. Wakati huo historia ya shule haimsumbui. Anawaza nani atampokea, atalala wapi, na akizidiwa amwendee nani. Mjibu hayo, kwa mfano hivi:

*"Karibu sana. Mimi ni mkuu wa shule yako mpya, na hapa nyuma yangu ni bweni utakalolala.*

*Jumatatu ukifika getini utamkuta matroni, amevaa fulana ya kijani. Atakusaidia kubeba tranka na kukuonyesha kitanda chako. Jina lako litakuwa limebandikwa mlangoni.*

*Usiku wa kwanza wengi hukumbuka nyumbani. Ikikupata, si kosa. Chumba cha matroni ni mlango wa kwanza kushoto; mgongee saa yoyote.*

*Hapa tunasoma kwa Kiingereza. Kama ulisoma kwa Kiswahili, hujaachwa nyuma: wiki za mwanzo walimu wataanza nawe kwenye lugha.*

*Jumamosi jioni utampigia mzazi simu kutoka ofisini. Safari njema. Tunakusubiri."*

Hayo hayafiki maneno 100, kwa hiyo una nafasi ya kutua kati ya aya. Kabla ya kurekodi, kaa na matroni na mwalimu wa taaluma mpitie kila ahadi. Mtoto akifika asikute fulana ya kijani wala jina mlangoni, hatagonga ule mlango usiku. Ahadi msiyo na hakika nayo, hasa ile ya simu ya Jumamosi, iondoeni.

Nimeandika vizuri, lakini nikisoma inasikika kama waraka. Kasoro iko wapi?

Mara nyingi iko kwenye vitenzi. "Wanafunzi wote mnatakiwa kuripoti" na "mnaelekezwa kuzingatia" ni lugha ya ubao wa matangazo. Mtazamaji ni mtoto mmoja, amekaa peke yake au na mama yake, kwa hiyo sema "wewe", si "ninyi". Kisha mtaje mtu anayetenda: badala ya "mtapokelewa na kuonyeshwa malazi", sema "matroni atakuonyesha kitanda chako". Vyeo navyo punguza. Salamu kwa mwenyekiti wa bodi, afisa elimu na wazazi inaweza kula sekunde 20 za mwanzo, na mtoto anakuwa hajasikia neno lake hata moja.

Usikariri maandishi yote, maana ukisahau neno moja macho hupanda juu kulitafuta. Andika maneno matano makubwa kwenye karatasi, *geti, kitanda, usiku, Kiingereza, simu*, uibandike chini kidogo ya kamera, kisha ongea.

Sheria, michango na orodha ya vifaa niviseme humo humo?

Hapana. Viko kwenye fomu ya kujiunga, na mzazi huvisoma akiwa na kalamu. Ukitaja ndoo, reki na godoro, makaribisho yanageuka orodha ya manunuzi; na mtoto ambaye kwao bado hawajapata hela ya godoro ataanza kuona haya kabla hajafika.

Tulirekodi kwa simu. Uso umekuwa mweusi na sauti inatoka mbali kama kisimani.

Uso umekuwa mweusi kwa sababu dirisha au anga lilikuwa nyuma yako: simu ilipunguza mwanga kwa ajili ya anga, wewe ukabaki kivuli. Geuka, mwanga uje usoni. Kivuli cha baraza saa tatu asubuhi ni kizuri kuliko jua la saa sita, linalotia giza machoni.

Sauti ni suala la umbali. Simu ikiwa mita tatu mbele yako, inachukua mwangwi wa ukuta pamoja na kelele za uwanjani. Isogeze hadi mita moja, uonekane kuanzia kifuani, au tumia hedifoni za waya zenye maiki na uibane maiki karibu na kola. Ukumbi mtupu wenye bati uepuke. Chumba chenye vitabu na mapazia humeza mwangwi. Rekodi sekunde kumi kwanza, uzisikilize kwa spika ya simu, maana ndivyo mzazi atakavyosikia.

Wazazi wengine wanalalamika kwamba inakula bando, na wengine wana vitochi.

Rekodi kwa 720p, kisha itume WhatsApp kama video ya kawaida. Ukiituma kama dokumenti haipunguzwi ukubwa. Kwa wenye vitochi, mwalimu wa zamu awapigie na kumsomea mtoto mwenyewe maneno yale yale, si mzazi peke yake.