Flashi haionekani wakati wa kubuti: anza na orodha ya F12

"Wakuu, nina Dell Latitude ya mtumba. Nimetengeneza flashi ya Windows 10 na nimeichomeka, ila kila nikiwasha mashine inaingia Windows ya zamani moja kwa moja. F12 naibonyeza wee, wala haijali. BIOS naingiaje, na nikishaingia nabadilisha nini?"

Mkuu, mimi hili lilinikesha mwaka 2022. Shemeji aliniletea Latitude 7480 jioni, akaniambia asubuhi anaitaka. Nikasema kazi ya nusu saa hiyo. Nilikuja kulala saa tisa usiku, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Tuanze na F12 inayokupuuza. Ukibonyeza "Shut down" kwenye Windows 10, mara nyingi mashine haizimi kabisa. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup: Windows inahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ongeza na BIOS yenyewe ikiwa imewekwa ipite ukaguzi wake mbio mbio, basi nafasi ya kupokea kitufe inakuwa sekunde moja au pungufu. Wewe ukiona nembo, BIOS imeshapita. Kwa hiyo usizime, chagua "Restart". Hiyo inaanza upya kweli kweli. Skrini ikishakuwa nyeusi, anza kugonga F12 kidogo kidogo, kama unabisha hodi, usiikandamize na kuishikilia. F2 ndiyo ya kuingia BIOS yenyewe. (Kwa wenye HP watakaopita hapa: Esc kwanza, halafu F9 kwa orodha ya kubuti au F10 kwa BIOS.)

Kama vidole bado haviwahi, waambie Windows wenyewe wakupeleke. Fungua Command Prompt kwa kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

```
shutdown /r /fw /t 0
```

Mashine itajizima na kuwakia ndani ya BIOS bila wewe kugusa kitufe chochote. Njia nyingine ni kushikilia Shift huku unabofya Restart, halafu Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings. Ukifika hapo na hicho kipengele cha mwisho hakipo, umepata habari ya maana: mara nyingi Windows yako ya zamani iliwekwa kwa mtindo wa kale wa kubuti uitwao Legacy, si ule mpya wa UEFI. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa hapa ndipo wengi tunapopotea. Mimi usiku ule nilipoingia BIOS nilikimbilia General, kisha Boot Sequence, nikitafuta flashi niipandishe juu. Haikuwepo. Nikavuruga kila kitu kinachovurugika, nikahifadhi, nikawasha, Windows ileile. Nikarudi tena. Saa mbili zimekwenda hivyo. Mpangilio wa kubuti ni foleni tu, na asiyekuwepo kwenye foleni huwezi kumpeleka mbele. Ningefungua F12 na kuisoma ningejua mapema.

Skrini ya F12 ya mashine hizo haina mapambo. Juu kabisa inaandika "Boot mode is set to: UEFI", na pembeni inakwambia Secure Boot, ulinzi unaozuia kubuti programu isiyotambulika, iko ON au OFF. Chini yake ndiyo orodha. Kwangu ilikuwa na mstari mmoja tu wa kubutia, "Windows Boot Manager". Flashi ikiwa salama unaona mstari wa pili unaoanza na "UEFI:" ukifuatiwa na jina la flashi. Ukiuona mstari huo, uchague, bonyeza Enter, kazi imekwisha. Hakuna haja ya kugusa mpangilio kabisa. Usipouona, kuna sehemu mbili za kuangalia.

Ya kwanza ni ya dakika moja. Ndani ya BIOS nenda System Configuration, USB Configuration, uone kama "Enable USB Boot Support" ina tiki. Mashine za mtumba nyingi zilitoka maofisini, na watu wa kompyuta wa huko huitoa tiki hiyo makusudi. Irudishe, bonyeza Apply, toka. Ukikuta BIOS inadai nywila kabla ya kukuruhusu kubadilisha chochote, huo ni mjadala na aliyekuuzia.

Ya pili ndiyo iliyonipata: flashi yenyewe. Wiki ile nilikuwa nimetengeneza flashi kwa ajili ya kompyuta ya mezani ya zamani sana, na kwenye Rufus, programu ya kutengenezea flashi, nilichagua MBR, mgawanyo wa diski wa zamani, nayo ikajaza chini yake "BIOS (or UEFI-CSM)". Kwa shemeji nikatumia flashi ileile. Sasa mashine iliyofungwa kwenye UEFI haihangaiki na mtindo huo. Inachotafuta kwenye flashi ni eneo la FAT inaloweza kulisoma, lenye faili `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`. Isipolipata, flashi haiingizwi hata kwenye orodha, wala huambiwi kwa nini. Ndiyo maana nilidhani mashine ni mbovu huku flashi inafunguka vizuri tu ndani ya Windows.

Kujua flashi yako ni ya aina gani, ichomeke kwenye Windows yoyote, fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
diskpart
list disk
```

Tazama safu ya mwisho kulia iliyoandikwa Gpt. Mstari wa flashi (utaujua kwa ukubwa wake) ukiwa na nyota hapo, ni GPT, mgawanyo mpya unaoendana na UEFI. Yangu haikuwa na nyota. Kukosa nyota peke yake si hukumu, maana zipo flashi za MBR zinazobuti UEFI pia, lakini ikiambatana na kutoonekana kwenye F12, usibishane nayo. Andika `exit` utoke, usijaribu amri nyingine humo ndani, diskpart hufuta diski nzima bila kukuuliza mara mbili.

Nikafungua Rufus upya, Partition scheme nikaweka GPT, Target system ikawa "UEFI (non CSM)", nikasubiri. Restart, F12, na mstari wa pili ulikuwepo. Secure Boot sikuigusa.

Kuna mtu atakushauri uwashe Legacy badala ya kuhangaika na flashi. Inaweza kubuti, ila Windows iliyowekwa kwa UEFI haitawaka tena mpaka urudishe, na ukitoka Legacy kwenda UEFI ni vilevile. Ndiyo maana nilisema ukumbuke kile kipengele kilichokosekana. Vilevile kama diski imefungwa kwa BitLocker na una mafaili unayoyataka, tafuta kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48, kwa sababu kugeuza Secure Boot kunaweza kuifanya mashine iudai wakati wa kuwaka.

Na ukiamua hata hivyo kupandisha flashi juu kwenye Boot Sequence, fahamu kwamba Windows ikishanakili mafaili hujiwasha upya yenyewe. Flashi ikiwa ya kwanza, mashine inaweza kurudi kwenye ukurasa wa kuchagua lugha ukadhani imeshindikana. Ichomoe wakati inajiwasha. Mimi natumia F12 ya mara moja, mpangilio nauacha ulivyo.

Tupia hapa picha ya skrini yako ya F12 tuone ina mistari mingapi.