Ofu badala ya hela ya ovataimu: hesabu yake kwa mfanyakazi wa nyumba ya tajiri

"Ndugu zangu, mimi ni mpishi kwenye nyumba ya kibinafsi hapa Malindi. Tajiri huja na familia yake Desemba, tunafanya kazi mpaka usiku. Mwaka huu amesema hela ya ovataimu hakuna, ila masika nyumba ikiwa tupu atanipa ofu, saa kwa saa. Mshahara wa msingi 22,500. Nikubali?"

Ofu kaka ikubali ukiitaka, lakini hiyo "saa kwa saa" ikatae.

Kazi za nyumbani ziko chini ya Amri ya Jumla ya Mishahara. Wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Wengi huzigawa saa 9 kwa siku tano na saa 7 siku ya sita. Ukipita hapo, kila saa hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu ya umma mara mbili. Amri inazungumzia hela. Kwa hiyo ofu ni badilishano mnalokubaliana, na badilishano lenye haki halimwachi mfanyakazi na pungufu ya ile hela.

Thamani ya saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi kwa 225. Kwako ni 22,500 ÷ 225, yaani shilingi 100. Saa ya ziada siku ya kawaida ni 150.

Tuseme kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari umekusanya saa 36 za ziada. Kwa hela ni shilingi 5,400. Ofu ya saa kwa saa ni saa 36, siku nne za saa 9, thamani yake 3,600. Shilingi 1,800 zimepotea, na hakuna aliyezichukua mfukoni mwako, ndiyo maana wengi hawashtuki. Hesabu sawa ni 36 mara 1.5, saa 54, siku sita kamili. Mwambie tajiri hivyo tu: siku sita, si nne. Saa za Krismasi na mwaka mpya ziandikwe kando, maana hizo huzidishwa kwa mbili.

Hapo kuna ujanja mdogo wa kuangalia. Ukipewa ofu siku yako ya saa 7, ikatwe saa 7 kwenye deni, si 9. Kwa hiyo deni liandikwe kwa saa, siku zije baadaye.

Halafu hizo saa 36 si chache. Saa za kawaida na za ziada pamoja hazitakiwi kuzidi 116 kwa wiki mbili mfululizo kwa mfanyakazi wa mchana. Kawaida ni 104, basi ziada ni 12 tu kila wiki mbili, na kwa wiki sita ndiyo 36 hizo. Ukiona daftari lako limefika 60, ofu haitibu hilo; anahitaji kuajiri mpishi wa pili kwa msimu.

Sasa masika. Kusi ikianza na nyumba ikiwa tupu, ofu yako haimgharimu kitu, na hapo ndipo mambo huchanganywa. Ukiambiwa "nenda nyumbani Mei yote" bila mshahara, hiyo si ofu, umesimamishwa kazi. Mwezi wa ofu mshahara huingia kamili. Wengine huihesabu ndani ya likizo ya mwaka, ile ya siku 21 za kazi. Hiyo ni haki nyingine, isiguswe. Na siku mchague pamoja. Kama mwanao anafungua shule au una harusi Lamu mwezi wa pili, ofu ya Mei haina faida kwako, bora hela.

Kabla ya Desemba andikeni karatasi moja, mtie sahihi wote wawili: kiwango ni 1.5 na 2. Saa zisizotumika hadi mwisho wa Mei zilipwe kwenye mshahara wa Mei. Ukiacha au ukiachishwa kazi, zilizobaki zilipwe kwa hela. Bila hilo la mwisho, nyumba ikiuzwa ofu zako zinakwenda nayo.

Daftari liwe na tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi ya msimamizi kila wiki. Wanaolala kwenye nyumba za wafanyakazi huambiwa "si ulikuwepo tu?" Andika ulichofanya: chakula cha usiku kilitoka saa 4, vyombo viliisha saa 6 kasoro. Msimamizi akikataa kutia sahihi, mtumie picha ya ukurasa kwa simu siku hiyo hiyo.

Wakigoma, anza kwa afisa wa kazi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pia inakaa Malindi. Madai yana kikomo cha miaka 3, kwa hiyo usiyalimbikize msimu hadi msimu.

Wa hotelini wasichukue hesabu hii kama ilivyo: wana amri yao, na penye mkataba wa chama, soma mkataba kwanza.