Jiko la mishkaki: getini kwa baa au ng'ambo ya barabara

"Shikamoo mama. Nimepata sehemu mbili hapa Sinza za kuweka jiko la mishkaki usiku. Moja iko ndani ya uzio wa baa, karibu na geti, wanataka 10,000 kila usiku. Nyingine iko ng'ambo ya barabara, chini ya taa, jirani na kituo cha daladala, wanataka 4,000. Niende wapi?"

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, na bado sijajua watu wakitoka humo baa wanaelekea wapi. Kabla hujatoa hata senti, nenda Alhamisi na Jumamosi, nunua soda, ukae mahali unapoliona geti, uhesabu kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku. Wengine watarukia bodaboda hapo hapo. Wengine watavuka barabara. Wachache watasimama wakiongea na kuagana kwa nusu saa, na hao ndio wateja wako, maana aliyesimama akinusa nyama huwa hamalizi kuaga bila kuagiza. Angalia wanaposimama. Jiko lifuate hapo, hata kama ni hatua kumi kutoka mahali ulipoonyeshwa.

Sasa tupige hesabu ya hiyo tofauti ya 6,000. Tuseme kilo ya steki umeinunua 12,000. Ukitoa mishipa na mafuta unabaki na kama gramu 900. Kata vipande vya gramu 10, chomeka vinne kwa kijiti, unapata mishkaki 22. Ukiuza 500 unaingiza 11,000, yaani hata hela ya nyama hairudi, ndiyo maana wauzaji wa 500 vipande vyao ni kama kete za bao. Kwa bei ya 1,000 unaingiza 22,000. Ondoa nyama, mkaa, vijiti, ndimu na mifuko, kila mshkaki utakuachia kama 400. Kwa hiyo geti lazima likuuzie mishkaki 15 zaidi ya ng'ambo kila usiku ndipo mlingane tu. Jumamosi ni rahisi. Jumatatu ya katikati ya mwezi, na mvua ya masika juu, je? Mwambie mwenye baa utalipa kwa usiku uliowasha jiko, siyo kwa kila usiku wa kalenda. Akikataa, hesabu yako ianze upya.

Halafu uliza nani anachoma nyama humo ndani. Usiulize meneja, uliza wahudumu. Mimi hapa Morogoro niliwahi kukaribishwa na mwenye baa mmoja, kwa maneno matamu kabisa. Nikajenga wateja miezi mitatu. Alipoona foleni, mwezi wa nne akaweka jiko lake na kijana wake mahali pangu, mimi nikaambiwa eneo linafanyiwa marekebisho. Marekebisho yenyewe ni lile jiko! Sikuwa na karatasi yoyote. Wewe andikishianeni muda na kiasi, hata ukurasa mmoja wa daftari, na mjumbe awe shahidi.

Hata hivyo usiikimbilie ng'ambo kwa sababu ya bei. Kando ya kituo mara nyingi ni hifadhi ya barabara, na anayekukodisha hapo anakukodisha kisicho chake. Unakumbuka Oktoba 2021 machinga walivyoondolewa barabarani hapo Dar. Pita serikali ya mtaa, uulize mpaka uko wapi. Huko ng'ambo wateja wenyewe pia ni wa aina nyingine: wanaosubiri gari hununua kati ya saa moja na saa tatu, mmoja au wawili wa kufungiwa, wakishaliona daladala wanakimbia hata chenji wanaisahau. Wa baa huanza kuona njaa kuanzia saa nne na huagiza kumi kumi. Ukiwa ng'ambo utakuwa na jioni nzuri na usiku mkavu.

Ile taa ya barabarani isikuvutie. Kama ni ile ya njano, chini yake nyama mbichi na iliyoiva zinafanana, utampa mtu damu ukidhani umempa mchuzi. Nunua taa nyeupe ya kuchaji. Itundike upande wako, juu kidogo ya kichwa, mwanga ushuke kwenye nyama na kwenye mikono ya mteja, usimpige machoni. Isikae juu ya jiko moja kwa moja, maana mvua zikianza kumbikumbi wataifuata na kudondoka kwenye kachumbari. Isogeze pembeni hatua moja. Na usivute umeme wa baa kwa waya unaopita chini wanapokanyaga watu na maji.

Wateja wa usiku wana tabia moja itakayokula faida yako: malipo ni kwa kuhesabu vijiti, na mtu aliyelewa hudondosha vijiti chini ya meza. Anakula kumi na mbili, kwenye sahani unakuta nane. Mimi nilikuwa natoa kwa sahani za tano tano na kuandika kwenye daftari palepale mbele yake, nikisema kwa sauti, "Tano, kaka, za pili hizi." Kwa sauti ili na wenzake wasikie. Baada ya saa tano usiku nilikuwa napokea hela kwanza ndipo nachoma.

Kuhusu hela, anayekuonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake hajakulipa. Subiri iingie kwenye yako, halafu tazama salio, maana hata meseji hutungwa. Chenji iwe kwenye mfuko wa aproni, noti kubwa zisikae hapo. Kila baada ya saa moja au mbili weka kwa wakala kabla hajafunga, ili usiku wa manane unapofunga uwe na hela ya bodaboda tu. Kisu kikae upande wako, wala mlevi asikisogelee hata kwa utani wa kukusaidia kukata.

Nyama mbichi ikae kwenye barafu, utoe vijiti vichache vichache. Sahani ya mbichi isiguse iliyoiva. Hilo unalijua, nilikulea jikoni. Papai bichi la kulainishia lisizidi saa moja au mbili, likikaa tangu asubuhi nyama inakuwa uji na kuponyoka kwenye kijiti.

Ila hili nakusihi: mkaa uliobaki na moto, umwagie maji au uache nje. Najua chumba chako ni kimoja na jiko linaibwa. Lifunge mnyororo nje, liibwe likiibwa. Moshi wa mkaa usioonekana hauna harufu, na watu wamelala nao bila kuamka.

Kwa hivi ninavyoona naegemea getini, ukipata karatasi na kulipa kwa usiku unaofanya kazi, na kama hakuna jiko la nyama humo ndani. Lakini nitumie kwanza ile hesabu ya Alhamisi na Jumamosi, wangapi walitoka na wangapi walisimama, tuipige pamoja kwenye simu Jumapili.

Mama yako