Jina la kipindi cha redio huchaguliwa kwa sikio

"Wakuu, naanza kipindi cha redio cha kila wiki, dakika 45. Nimeandika majina kama 10 daftarini na yote yananipendeza. Nitajuaje lipi litatamkika vizuri hewani na wasikilizaji watalishika?"

Mkuu, lifunge kwanza hilo daftari. Kwenye karatasi jina linabebwa na herufi kubwa, alama za kunukuu na nafasi kati ya neno na neno. Hewani hakuna hata kimoja cha hivyo. Msikilizaji anapata mkondo mmoja wa sauti, na ndani yake inabidi atambue mwenyewe jina limeanzia wapi na limeishia wapi.

Nilijifunza hili kwenye kipindi cha haki za kazini nilichokuwa nakiandaa. Tulikianzisha kwa jina la Jukwaa la Haki na Ustawi wa Wafanyakazi. Ofisini kila mtu alilikubali. Hewani lilikuwa mzigo. Lina silabi zaidi ya 15, na mtangazaji alilitaja mara nane au tisa katika kipindi kimoja: kufungua, kurudi kutoka kila wimbo, kutoa namba ya simu, kuaga. Pale kwenye "wa Wafanyakazi" zimefuatana "wa" mbili, kwa hiyo mwenzangu alikuwa anameza moja au anasita kidogo ili azitenganishe. Jitamkie haraka mara tatu, utaona ulimi unapokwama.

Kilichonionyesha kwamba halifanyi kazi ni daftari la simu. Nilikuwa naandika wapigaji wanavyokiita kipindi. Walisema "hiki kipindi chenu cha Alhamisi", au "kile cha yule dada wa mambo ya kazi". Ukiona wanakiita kwa siku yake au kwa mtangazaji wake, ujue jina halijaingia. Kipindi cha kila siku kinaweza kuvumilia hali hiyo, maana kesho jina linarudi tena. Cha kila wiki kina siku saba za kusahaulika.

Tulipoamua kulibadili, tulianza na majina manne: Jua Haki Yako, Saa ya Kazi, Kazi na Sheria, na Mlangoni kwa Bosi. Badala ya kuyajadili, tuliyaingiza kwenye sentensi ambazo mtangazaji huzisema kila wiki: "Karibu…", "Unasikiliza…", "Tukutane tena Alhamisi ijayo kwenye…". Hatua hii usiiruke, maana majina mengi hufia hapo.

Jua Haki Yako lilianguka mara moja. "Unasikiliza Jua Haki Yako" ni vitenzi viwili vinavyogongana, na sikio linasikia amri kabla halijatambua kwamba hilo ni jina. Juu ya hapo, "jua" kwa sikio ni la angani na ni la kufahamu. Msomaji anaamua kwa kuangalia maneno yanayofuata. Msikilizaji anayekoroga chai ameshapitwa.

Saa ya Kazi lilikuwa na kasoro mbili. Irabu za "saa ya" huyeyuka mtu akisema kwa kasi, zikabaki kama "saya". Kubwa zaidi, ni maneno ya kawaida kabisa. "Sasa ni Saa ya Kazi" inaweza kuwa jina la kipindi au mtu anawahimiza watu wakafanye kazi, na hakuna kinachozitofautisha.

Yakabaki mawili, na yote yalikaa vizuri ndani ya sentensi. Hapo tukafanya jaribio la simu. Tuliwapigia watu sita wasiohusika na redio. Kila mmoja alisomewa tangazo fupi lenye jina moja lililotajwa mara moja tu katikati, kisha tukaongea mambo mengine. Kesho yake tukampigia tena: kile kipindi kinaitwaje? Watatu walisomewa Kazi na Sheria, na mmoja tu ndiye aliyelirudisha sawasawa. Wengine walisema "Sheria za Kazi" na "Kazi na Haki". Nimeliona hili mara nyingi tangu hapo: ukiunga maneno mawili ya dhana kwa "na", kichwa kinahifadhi mada na kuachia maneno. Hakuna picha ya kuyashikilia mahali pake, kwa hiyo yanabadilishana nafasi au linaingia neno la jirani.

Watatu waliosomewa Mlangoni kwa Bosi, wawili walilirudisha lilivyo, wa tatu akasema "Mlango wa Bosi". Hilo ni kosa la herufi, lakini picha imebaki: mtu amesimama mlangoni ana jambo la kumwambia mkubwa wake. Sita ni watu wachache, sidai zaidi ya hapo. Kilichonishawishi ni namna walivyokosea, kuliko idadi ya waliopata.

Jina hilo pia lina mapigo mawili tu yaliyo wazi, kwenye "ngo" na kwenye "Bo", kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hata mtangazaji aliyechoka hawezi kuyapoteza. Na kwa kuwa linaonyesha mahali, linaingia lenyewe kwenye sentensi: "Karibu Mlangoni kwa Bosi", "Tukutane Mlangoni kwa Bosi". Hulazimiki kutanguliza "katika kipindi cha" kila mara.

Jaribio lifanyike kwa simu kwa makusudi. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na sehemu kubwa ya mvumo wa "s" iko juu ya hapo, ndiyo maana "s" na "f" huchanganyika. Redio ndogo kwenye chumba chenye kelele nayo hupoteza baadhi ya sauti. Kwa hiyo usiulize kama jina litasikika vibaya, maana litasikika vibaya tu siku moja. Uliza likisikika vibaya linageuka kuwa nini. "Bosi" ikisikika "Bofi", msikilizaji anairekebisha mwenyewe kwa kuwa neno hilo halipo. "M" ya mwanzo ikimezwa, anasikia "Langoni kwa Bosi", na bado amefika palepale. Jina la kuogopa ni lile ambalo likikosewa linaangukia neno jingine halali lenye maana nyingine.

Hili letu nalo lina upungufu. Mgeni akilisikia mara ya kwanza hajui kipindi kinahusu nini, kwa hiyo tulilifungia mkia usiobadilika: "Mlangoni kwa Bosi, kipindi cha haki zako kazini, kila Alhamisi saa 12 jioni." Mpangilio ni uleule kwenye jingo la kufungulia kipindi, kwenye matangazo na kwenye kinywa cha mtangazaji. Siku na saa zikae kwenye mkia, zisiingie kwenye jina, kwa sababu ratiba ikisogezwa utalazimika kubadili jina zima. Pia "Bosi" ina "b" inayopiga pumzi kwenye maikrofoni. Tulimwambia mtangazaji aigeuze kidogo pembeni ya mdomo, na mlipuko ukaisha.

Kwenye yale majina yako 10, anza kufuta yanayoanza na kitenzi cha kuamuru, kisha yenye maneno mawili ya dhana yaliyoungwa kwa "na". Yatakayobaki mpe mtangazaji, si wewe uliyeyatunga, ayaseme kwenye zile sentensi tatu huku unarekodi. Sikiliza rekodi hiyo kesho yake, bila karatasi mkononi.