Laptopu imejipa anwani yenyewe: 169.254 inatoka wapi?

Fundi, habari za kazi. Laptopu yangu ya Windows imeshika waifai vizuri ila intaneti hakuna. IP inaanza na 169.254. Hiki ni kirusi? (Nkuhungu)

Hapana. Laptopu ikijiunga na mtandao huomba anwani, na ruta huikopesha moja kwa muda maalumu. Utaratibu huo ndio DHCP. Isipojibiwa, Windows hujichagulia namba ya 169.254, huku ikirudia kuomba kila baada ya dakika 5 hivi. Kwa namba hiyo haijui njia ya kutokea nje, ndiyo maana waifai iko hewani na hakuna kinachofunguka. Fungua Command Prompt, andika `ipconfig /all`. Ukiona `Autoconfiguration IPv4 Address` na `Default Gateway` ni tupu, omba upya:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
```

Nina steshenari Chang'ombe. Hiyo renew inaniambia "unable to contact your DHCP server", lakini simu yangu iko kwenye waifai hiyohiyo na inapiga kazi. Kwa nini laptopu tu? (Dodoma mjini)

Simu yako iliwahi kupata anwani, laptopu imekuta zimeisha. Huo ndio ugonjwa ninaoushuku kwenye biashara inayopokea wateja. Tuseme ruta yako ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia .100 hadi .149, yaani anwani 50, kila moja kwa saa 24. Mteja anayekuja kutoa kopi na kuunganisha simu anaishikilia anwani yake hadi kesho, hata kama ameshapanda daladala kwenda Kisasa.

Hakikisha kwanza. Ipe laptopu anwani kwa mkono, iliyo nje ya zile zinazogawiwa: 192.168.1.20, mask 255.255.255.0, gateway 192.168.1.1. Kisha:

```
ping 192.168.1.1
```

Ruta ikijibu, njia ni nzima. Kilichokwama ni ugawaji. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, punguza muda wa mkopo uwe saa 2 na upanue mgao uanzie .50 hadi .249. Zima ruta na kuiwasha, maana mikopo ya zamani bado inahesabu saa zake 24. Kuizima tu bila kubadilisha kitu, kama wengi wanavyofanya, kunasaidia hadi wateja wajae tena. Ukimaliza, rudisha laptopu kwenye `Automatic (DHCP)`, la sivyo itagoma ukiipeleka kwenye mtandao wenye namba tofauti.

Nimeweka anwani kwa mkono kama ulivyomwelekeza mwenzetu, ping haijibu kabisa. Wenzangu hosteli wanapata. (Makulu)

Kama ruta yenu nayo ni 192.168.1.1, basi ombi lako halifiki kwake. Kama ni waya, tazama taa ya tundu la laptopu. Ikiwa haiwaki, badilisha waya. Kama ni waifai, bonyeza `Forget` kwenye mtandao huo uunganishe upya, na uzime kwa muda antivirasi yenye ukuta wake wa moto. Bado? Fungua `services.msc` uone kama `DHCP Client` iko `Running`. Ikiwa imesimama, hata ruta mpya haitakusaidia.