Kilichoua tivii yetu Wete hakikuwa radi

Ilikuwa baada ya Isha, nyumbani Wete, Pemba, tumekaa sebuleni tunatazama taarifa ya habari. Taa ya dari ikawaka kwa ukali, nyeupe mno, mpaka mtoto akafunika macho. Feni ikaanza kuvuma. Kabla sijanyanyuka, tivii ikatoa mlio mdogo kama karanga inayopasuka kikaangoni, ikazima, na harufu ya kitu kilichoungua ikajaa chumba. Nilikimbilia meni swichi nikaikata.

La ajabu nililigundua nilipotoka nje. Nyumba ya pili taa zao zilikuwa zimefifia, zinawaka rangi ya chungwa. Mama wa nyumba ile alikuwa kibarazani na kanzu mkononi, akaniambia, "Mwanangu, hii pasi leo ina nini? Naipasha, naipasha, haina hata joto." Sisi umeme umezidi, wao umepungua, na nguzo ni moja.

Mtaani kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni radi, na mbingu ilikuwa nyota tupu. Wengine waliulaumu waya wa baharini, ule uliotuletea umeme kutoka Tanga tangu 2010. Kumbe tatizo lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni petu: nyutro ya mstari, yaani waya unaorudisha umeme, ilikuwa imeachia kwenye kiungio cha nguzo. Mafundi wa laini walipokishusha kile kiungio kilikuwa kimelika, kimejaa unga mweupe. Chumvi ya bahari huifanyia hivyo aluminiamu, na sisi tunaoishi karibu na pwani hatuna pa kuikimbia.

Naomba nilieleze hili taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaponunua kifaa kisichowafaa.

Mstari unaopita mtaani una nyaya tatu za moto na nyutro moja inayotumiwa na nyumba zote. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 230, na hizo ndizo zinazoingia nyumbani. Kati ya waya wa moto mmoja na mwengine kuna volti 400. Nyutro ikiwa nzima, kila nyumba inapata 230 zake bila kujali jirani anatumia nini. Ikikatika huko kwenye mstari, nyumba zilizo kwenye nyaya tofauti za moto zinajikuta zimeungana mkia kwa mkia, zinagawana zile 400. Tena hazigawani sawa: mwenye matumizi madogo ndiye anayebeba volti nyingi.

Tuchukue nyumba mbili tu ili hesabu iwe nyepesi. Kwetu usiku ule taa, feni na tivii vilifika kama wati 200. Kwa jirani pasi peke yake ni wati 1000. Matumizi yake ni mara tano ya yetu, kwa hiyo katika kila sehemu sita za zile volti 400, tano zinatuangukia sisi na moja inakwenda kwake. Sisi tunapata karibu 333, yeye karibu 67. Ndiyo maana pasi haikupata moto na taa zetu ziliwaka kama za uwanjani. (Nyutro inayoingia nyumba yako peke yako ikikatika, nyumba inazima tu, hakuna kinachoungua.)

Fundi alipoifungua tivii nilikaa pembeni yake. Fyuzi ilikuwa nyeusi ndani. Kile kidude cha duara cha buluu karibu na fyuzi, varista, kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Kapasita kubwa ilikuwa imevimba kichwani, na ubavuni imeandikwa 450V. Akanionesha kwa kidole: umeme wa volti 333, kwenye kilele cha wimbi lake, unafika kama 470. Kapasita ya 450 haihimili hilo kwa muda. Akabadilisha vyote vitatu pamoja na transista ya pawa iliyokuwa imekufa, tivii ikawaka. Fundi akikubadilishia fyuzi peke yake, au akiweka kipande cha waya pahala pa fyuzi, chukua tivii yako uondoke.

Na saji protekta? Nilikuwa nayo! Tivii ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni iliyoandikwa hivyo. Ndani yake kuna varista kama ile ya tivii, na kazi yake ni kumeza mdundo wa ghafla, unaokwisha kabla hujapepesa jicho. Umeme ukizidi kwa dakika nzima, varista inapashwa moto mpaka inapasuka, na zile za bei rahisi zinaweza kuwasha moto kabisa. Yangu nilipoifungua ilikuwa imeyeyuka plastiki upande mmoja. Juu ya hivyo, nyingi zinategemea ethi katika sehemu ya kazi yake, na soketi yetu ilikuwa na tundu la ethi lisilo na waya nyuma.

Stabilaiza nayo nilishawishiwa kuinunua. Kwa friji kwenye nyumba ya mwisho wa laini, ambako jioni umeme unashuka, ninaiunga mkono. Kwa tivii, kwanza soma kibandiko cha nyuma. Ikiwa kimeandikwa AC 100-240V, umeme mdogo hauiumizi na stabilaiza haikuongezei kitu. Stabilaiza nyingi za dukani zinarekebisha mpaka kama volti 260 tu, na kwa 333 haina la kufanya ila kukata, kama imetengenezwa kukata.

Nilichonunua ni gadi. Hairekebishi chochote. Inapima umeme, na ukivuka kiwango inakata, kisha inasubiri mpaka utulie ndipo inarudisha. Kwenye boksi tafuta namba mbili zilizoandikwa wazi, ya kukata juu na ya kukata chini. Ya juu nataka iwe karibu na 260, isizidi 270. Halafu mwambie muuzaji aichomeke palepale dukani. Gadi ya kweli inawasha taa ya kusubiri kwanza, nusu dakika au zaidi, ndipo inaruhusu umeme. Ikiruhusu papo hapo, hiyo ni ekstensheni yenye taa, irudishe kwenye rafu. Kule kusubiri kuna faida nyengine: umeme uliokatika unaporudi, mara nyingi unakuja ukipanda na kushuka, na tivii inakuwa haijaunganishwa bado.

Radi ni jambo jengine. Gadi haiizuii, na inaweza kuingia kwa waya wa dishi badala ya ule wa umeme. Mawingu ya masika yakianza kunguruma, ninachomoa plagi na ninafungua waya wa dishi nyuma ya tivii, vyote viwili.

Baada ya ile tivii kupona, taa ziling'ara tena usiku mmoja. Safari hii gadi ilitoa mlio wa "tak", tivii ikazima bila harufu yoyote. Nilikata meni swichi, nikapima kwa mita kwenye soketi ya kabla ya swichi ile, karibu na mita ya umeme: 291. Nikapiga simu ya dharura ya umeme, nikamgongea jirani mlango azime kila kitu, na nguzo hatukuigusa.