Folda inanikatalia ingawa akaunti yangu ni ya msimamizi

*Habari fundi. Kompyuta yangu ya zamani imeungua bodi. Nimetoa diski yake na kuichomeka kwa kebo ya USB kwenye kompyuta mpya ya Windows 11, ikaonekana kama E. Nikifungua E:\Users\Rehema naambiwa sina ruhusa. Nikibonyeza Continue naambiwa nimekataliwa, nitumie Security. Akaunti yangu ya sasa ni ya msimamizi, na jina nimeliweka lilelile, Rehema. Kijana wa dukani anasema nichukue umiliki wa folda. Hicho kitu kinafanya nini hasa, na nikifanyeje bila kuharibu?*

Dada Rehema, Windows haikujui kwa jina. Kila akaunti inapofunguliwa hupewa namba ndefu inayoanza na `S-1-5-21`, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye orodha ya ruhusa ya kila folda. Rehema wa kompyuta iliyoungua ana namba yake, Rehema wa kompyuta mpya ana nyingine. Ukibonyeza folda hiyo kwa kitufe cha kulia, ukaingia `Properties` kisha `Security`, huenda ukaona mstari wa `Account Unknown` wenye namba hiyo mbele yake. Huyo ndiye wewe wa zamani, ila kompyuta mpya haina wa kumlinganisha naye.

Kuhusu usimamizi, tangu Windows Vista ya mwaka 2007 mtu wa kundi la wasimamizi akiingia kwenye akaunti yake hufanya kazi zake zote kama mtumiaji wa kawaida. Mamlaka yake huwekwa pembeni mpaka akubali lile dirisha linalouliza kama anaruhusu programu ifanye mabadiliko. Unaweza kujionea mwenyewe: fungua Command Prompt kwa njia ya kawaida, andika `whoami /groups`, utafute mstari wa `BUILTIN\Administrators`. Mwisho wake utasomeka `Group used for deny only`, maana yake uanachama wako katika kundi hilo kwa wakati huo unaweza kukunyima kitu lakini hauwezi kukupa. Programu inayokuonyesha mafolda nayo inaendeshwa kwa hali hiyohiyo.

Kitufe cha `Continue` hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuazima mamlaka yako kamili na kuandika akaunti yako kwenye orodha ya ruhusa. Mstari huo hubaki hapo hata baada ya kumaliza kazi. Lakini kitufe hicho hakichukui umiliki. Kama kundi la wasimamizi halimo kwenye orodha ya folda, hakina pa kushika, na ndipo unapopata ujumbe wa pili ulioupata wewe. Kwa kawaida folda ya mtumiaji chini ya `Users` huwa na wasimamizi kwenye orodha yake, kwa hiyo yako ama ilifungwa kwa makusudi na mtu fulani siku za nyuma, ama orodha yake imevurugika.

Sasa umiliki. Kila folda na kila faili kwenye diski ya NTFS lina mmiliki mmoja, na mmiliki ana haki ambayo kwa kawaida haimtoki hata asipotajwa popote kwenye orodha: kuisoma orodha hiyo na kuibadilisha. Basi. Umiliki peke yake haukupi haki ya kufungua faili. Ni kama mwenye nyumba aliyepoteza ufunguo. Hawezi kuingia, ila yeye ndiye mwenye haki ya kuagiza kufuli libadilishwe. Ndiyo maana watu wengi huchukua umiliki, wakakutana na ukuta uleule, wakadhani wamekosea. Kazi yao imefika nusu tu, bado hawajajipa ruhusa.

Kundi la wasimamizi linaweza kuchukua umiliki bila idhini ya mwenyewe kwa sababu lina haki maalumu iitwayo `SeTakeOwnershipPrivilege`. Ukifungua Command Prompt kwa `Run as administrator` na kuandika `whoami /priv`, utaiona kwenye orodha. Mbele yake pameandikwa `Disabled`, jambo linalowatisha wengi bure: maana yake unayo ila haijawashwa, na programu inayoihitaji huiwasha yenyewe. Ukiandika amri hiyohiyo kwenye dirisha la kawaida, haki hiyo haionekani kabisa.

Hata hivyo, kwa hali yako mimi nisingeanza na umiliki. Unachotaka ni nyaraka na picha zako zihamie kompyuta mpya, hutaki kuendelea kuishi ndani ya diski ya zamani. Kubadilisha mmiliki na ruhusa maana yake ni kuandika upya taarifa za kila faili kwenye diski hiyo, na kwa diski iliyotoka kwenye mashine iliyoungua sipendi kuandika chochote kabla ya kunakili. Kundi la wasimamizi lina haki nyingine iliyowekwa kwa ajili ya programu za nakala rudufu, nayo huruhusu kusoma faili bila kujali orodha inasemaje. `robocopy`, ambayo imo ndani ya Windows, huitumia ukiiwekea `/B`. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

```
robocopy "E:\Users\Rehema\Documents" "%USERPROFILE%\Okoa\Documents" /E /B /XJ /R:1 /W:1
```

`/E` huchukua mafolda yote ya ndani hata yaliyo matupu, na `/XJ` nitaieleza punde. `/R:1 /W:1` inaiambia ijaribu mara moja zaidi baada ya sekunde moja inapokwama. Usipoiweka, itarudia faili moja bovu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Rudia amri hiyo kwa `Desktop`, `Pictures` na `Downloads`. Nakala haziji na ruhusa za zamani, bali hurithi za folda zinapoingia, kwa hiyo zitafunguka bila maswali. Mwishoni soma safu ya `FAILED`. Ikiwa sifuri, umemaliza, na hukugusa umiliki hata kidogo. Ukiona `ERROR 23`, hilo si suala la ruhusa: diski yenyewe haisomeki pale, na hakuna amri ya umiliki itakayosaidia.

Umiliki uchukue endapo unataka kuendelea kuitumia diski hiyo kama hifadhi yako ya kila siku. Hapo jina ulilolirudia linaweza kukuponza. Ndani ya folda ya kila mtumiaji kuna viunganishi vilivyofichwa vinavyofanana na mafolda, kama `Application Data` na, ndani ya `Documents`, `My Music`. Kazi yake ni kuzielekeza programu za zamani kwenye njia mpya, na kila kimoja kimeandikwa anwani kamili inayoanza na C. Diski yako sasa ni E, lakini kiunganishi bado kinaelekeza `C:\Users\Rehema`, ambayo leo ni folda ya kompyuta yako mpya. Amri inayoingia ndani bila kubagua inaweza kukifuata na kwenda kubadilisha ruhusa za mafaili usiyoyakusudia. Ndiyo sababu ya `/XJ` kule juu, na ndiyo sababu usiielekeze amri ya umiliki kwenye `E:\Users\Rehema` nzima, achilia mbali E yote. Chukua folda moja moja:

```
takeown /F "E:\Users\Rehema\Documents" /R /D Y /SKIPSL
icacls "E:\Users\Rehema\Documents" /grant "%USERNAME%:(OI)(CI)F" /T /C /L
```

Mstari wa kwanza unakufanya mmiliki wa folda na vilivyomo, na `/SKIPSL` inauzuia kufuata viunganishi. `/D Y` ni jibu la ndiyo lililotangulizwa kwa kila folda usiyoweza kuiorodhesha, na si jibu dogo: kwa folda hizo ruhusa zilizokuwepo zinafutwa na kuwekwa zako. Kwa mafaili yako mwenyewe hakuna hasara. Kwa folda ya ofisi inayotumiwa na watu kadhaa, utawafungia wenzako nje. Herufi hiyo pia hufuata lugha ya Windows. Wenzetu wa Bukavu au Lubumbashi wenye Windows ya Kifaransa waandike `/D O`.

Mstari wa pili ndio unaofungua mlango. `(OI)(CI)` hufanya ruhusa irithiwe na mafaili na mafolda ya ndani, `F` ni ruhusa kamili, `/C` inaiambia isisimame ikikuta kosa, na `/L` inaifanya ishughulike na kiunganishi chenyewe badala ya kile kinachoelekezwa. Nimeandika jina lako badala ya kundi la wasimamizi kwa makusudi, kwa sababu ukilipa kundi, dirisha la mafolda bado litakuuliza `Continue` kutokana na ile hali ya uanachama usiotoa ruhusa. Angalia tu kwamba dirisha la msimamizi umelifungua kwa akaunti yako mwenyewe. Kama uliombwa paswedi ya akaunti nyingine ndipo likafunguka, `%USERNAME%` itakuwa ya huyo mwingine. Amri hizi ni za Command Prompt; kwenye PowerShell `%USERNAME%` haifanyi kazi.

`icacls` humaliza kwa kusema imefaulu mafaili mangapi na imeshindwa mangapi, baada ya maneno `Failed processing`. Yakiwa machache, panda juu usome majina yake, mara nyingi ni viunganishi vile vile.

Usije ukazoea dawa hii ukaipeleka kwenye `C:\Windows` au `C:\Program Files\WindowsApps`. Mafaili mengi ya huko yanamilikiwa na `NT SERVICE\TrustedInstaller` ili hata msimamizi asiyabadilishe kwa bahati mbaya, na ukivuruga umiliki na ruhusa zake, masasisho na programu za duka la Windows zinaweza kuanza kugoma.

Ikitokea folda inafunguka, jina lako lipo kwenye `Security` likiwa na ruhusa kamili, na bado mafaili fulani yanasema `Access is denied`, tazama kama aikoni zake zina alama ya kufuli. Hayo yamefungwa kwa usimbaji wa Windows, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya akaunti ya zamani. Andika `cipher /c` ukifuatisha njia ya faili mojawapo, itakuonyesha ni akaunti ipi inayoweza kulisoma. Hapo umiliki na ruhusa havina la kufanya. Unahitaji cheti cha akaunti ile, faili lenye mwisho `.pfx`, kama uliwahi kulihifadhi kwenye flashi au mahali pengine. Usipokuwa nalo, usiifute diski wala usifute folda ya `AppData` iliyomo, kwa kuwa ufunguo umehifadhiwa humo na hufunguliwa kwa paswedi yako ya zamani. Ipeleke nzima kwa mtu wa kuokoa data, ukiwa na paswedi hiyo mkononi.